Moussa wa S Mbili, Kasongo ya S Moja

Sogezeni redio karibu, maana leo tutazungumza juu ya herufi. Na mwenye kalamu aishike, kwa sababu mambo mengine ya leo yanaeleweka vizuri zaidi ukiyaandika.

Mazungumzo haya yamezaliwa na swali la msikilizaji mmoja wa Pangi. Mtoto wa dada yake anasoma Ujerumani, na amemtumia anwani kwa simu. Mjomba huyu alinakili anwani kwenye karatasi, jina la mtaa likawa “Bahnhofstrabe”. Mtoto alipoona picha ya karatasi akamwambia: hapana, mjomba, ile si B. Ile ni S. Mjomba akashangaa. S gani hii yenye matumbo mawili na mguu mrefu? Tena kwa nini Wajerumani wawe na S mbili tofauti, wakati sisi tuna moja tu na inatutosha?

Swali lake ni zuri, na jibu lake litatuleta mpaka kwenye majina ya watoto wetu. Lakini tuanze na kile tunachokijua wote, yaani Kifaransa cha shuleni.

Nani kati yenu hakumbuki somo la “poisson” na “poison”? La kwanza ni samaki, la pili ni sumu. Tofauti yao kwenye karatasi ni S moja tu. Mwalimu alitufundisha hivi: katika Kifaransa, S moja ikikaa katikati ya vokali mbili, inasomwa kama Z. Ukitaka isomwe S, andika mbili. Ndiyo maana jiwe letu la Kalima na Pangi, lile lenye bati, Mfaransa analiandika “cassitérite”, kwa S mbili. Angeandika moja, mtu angesoma “kaziterite”. Sisi kwa Kiswahili tunaandika kasiterite, S moja, na hakuna anayekosea kuisoma. Kwa nini? Kwa sababu katika Kiswahili S ni S popote ilipo, na Z ni Z popote ilipo.

Shikeni jambo hilo la kwanza: katika Kifaransa, S mbili zinatuambia kwamba sauti ni S, si Z. Hazituambii kitu kingine.

Sasa twende Ujerumani. Mjerumani naye ana desturi hiyohiyo. S moja kati ya vokali mbili anaisoma Z. Hata mwanzoni mwa neno, Wajerumani wengi wanaisoma Z, na ndiyo sababu Zanzibar wao wanaiandika “Sansibar” na kuisoma karibu kama sisi. Basi akitaka sauti ya S kavu katikati ya neno, naye inambidi afanye kitu. Lakini yeye ana njia mbili. Anaweza kuandika S mbili, ss, au anaweza kuandika ile herufi iliyomsumbua mjomba wetu: ß. Wenyewe wanaiita S kali, na jina lake lingine ni estset. Ilizaliwa zamani kwa kuunganisha herufi mbili, ile S ndefu ya kale na mwenzake aliyeifuata, na ndiyo maana ina umbo la ajabu. B haihusiki hapo hata kidogo.

Je, ni lini anaandika ss, na ni lini anaandika ß? Hapa ndipo utamu ulipo. Sauti yenyewe ni ileile. Ukifumba macho ukasikiliza, S ya ss na S ya ß hazina tofauti. Tofauti iko kwenye vokali iliyotangulia. Vokali ikiwa fupi, unaandika ss. Vokali ikiwa ndefu, au zikiwa vokali mbili zilizounganishwa kama “ei” na “au”, unaandika ß.

Narudia, maana hili ndilo shina la mazungumzo. Vokali fupi, ss. Vokali ndefu, ß. Herufi ya S inafanya kazi ya kutuambia habari za jirani yake.

Tuchukue maneno mawili. Mto kwa Kijerumani ni “Fluss”. U yake ni fupi, unaikata haraka, basi ss. Mguu ni “Fuß”. U yake ni ndefu, kama vile tungeandika “fuus”, basi ß. Na mtaa, ile “Straße” ya mjomba, A yake ni ndefu: shtraase. Ukiandika ss hapo, mwenye kusoma Kijerumani atadhani A ni fupi.

Mtaniuliza: kuna hatari gani mtu akikosea? Mara nyingi hakuna hatari kubwa, barua itafika. Lakini sikilizeni mfano huu ambao Wajerumani wenyewe wanaupenda. “Maße”, yenye A ndefu, ni vipimo. “Masse”, yenye A fupi, ni wingi, rundo. Basi daktari akikuandikia unywe pombe “in Maßen”, anasema kunywa kwa kiasi. Ukisoma “in Massen”, umeambiwa unywe kwa wingi! Hapo neno la daktari limegeuka kabisa, na kilichobadilika ni urefu wa A.

Na si S peke yake. Konsonanti nyingine nyingi za Kijerumani zinafuata mwendo huo: ukiandika mbili, vokali iliyotangulia ni fupi. “Ofen”, kwa F moja na O ndefu, ni jiko la moto. “Offen”, kwa F mbili na O fupi, ni wazi, kama mlango ulio wazi. Mtu hatamki F mara mbili. Anakata tu ile O. Kuongeza konsonanti ni alama ya kumwonya msomaji: hapa usivute.

Sasa mbona S ikahitaji herufi ya pekee, na F haikuhitaji? Kwa sababu S moja tayari ina kazi ya kusomwa Z. Mjerumani akitaka vokali ndefu ikifuatwa na S kavu, hawezi kuandika S moja, itasomwa Z. Hawezi kuandika mbili, vokali itakuwa fupi. Amekwama. Hapo ndipo ß inapomwokoa: inasema kwa pamoja kwamba vokali ni ndefu na kwamba S ni kavu. Fikirini “reisen” na “reißen”. La kwanza, kwa S moja, linasomwa “raizen”, ni kusafiri. La pili linasomwa “raisen”, ni kurarua. Ile herufi ndiyo inayomtenga msafiri na mwenye kurarua nguo.

Kwa vijana mnaosoma Kijerumani, nawapa njia ya kujipima. Kuna maneno yanayoishia kwa S, na mwishoni S zote zinasikika kavu, hivyo sikio linadanganywa. Fanyeni hivi: refusheni neno, liwekeni katika wingi. Nyumba ni “Haus”, wingi wake “Häuser”, na hapo unasikia Z. Basi ni S moja ya kawaida. Mguu “Fuß”, wingi “Füße”, bado unasikia S kavu, na vokali ni ndefu. Basi ni ß. Tena msishangae neno moja likibadilisha herufi njiani. Kujua ni “wissen”, I fupi, ss. Lakini “najua” ni “ich weiß”, kwa ß, kwa sababu vokali imekuwa “ei”. Halafu “nilijua” inarudi kwa ss, “wusste”, kwa sababu U ni fupi. Mwenye kusikiliza vokali hapotei.

Kuna watu wazima watakaoniambia: sisi tulisoma vitabu vya Kijerumani vya wamisionari, na humo tuliona ß hata baada ya vokali fupi. Ni kweli. Zamani sheria ilikuwa nyingine. Mwishoni mwa neno, na mbele ya konsonanti, waliandika ß bila kujali urefu, hivyo mto uliandikwa “Fluß”. Nchi zinazotumia Kijerumani zilikubaliana kubadilisha mwaka 1996, sheria mpya ikaanza mwaka 1998, na baada ya ubishi mrefu ikarekebishwa tena mwaka 2006. Kwa maoni yangu, katika jambo hili la S, sheria mpya ni bora, maana sasa kuna kanuni moja ambayo hata mgeni anaishika. Waswisi wao wamejitenga kabisa. Hawatumii ß, wanaandika ss kila mahali, na msomaji anajijazia mwenyewe vokali ni ndefu au fupi.

Kwa hiyo mjomba, ukikosa ile herufi, andika “Bahnhofstrasse” kwa S mbili, nayo posta inaielewa vema. Na kwenye simu nyingi, ukibonyeza herufi ya S bila kuachia, ß inajitokeza. Ila B, hapana.

Haya, tumetembea Ujerumani vya kutosha. Turudi nyumbani, lakini tupitie Goma kwanza. Mnaojua Goma mnajua kwamba ukivuka mpaka uko Gisenyi. Mji huo Wajerumani, walipotawala Rwanda kabla ya vita vya kwanza vya dunia, waliuandika “Kissenji”, kwa S mbili. Wabelgiji walipoingia wakauandika “Kisenyi”, S moja. Wanyarwanda wenyewe wanaandika Gisenyi. Mji ni uleule, ziwa ni lilelile. Zile S mbili hazikutoka kinywani mwa mtu yeyote wa Kivu. Zilitoka kwenye hofu ya mwandishi Mjerumani kwamba Mjerumani mwenzake atasoma Z. Ramani za Kijerumani za Tanganyika nazo zimejaa mambo hayo: Usukuma ni “Ussukuma”, Kisaki ni “Kissaki”.

Na Maniema yetu je? Msafiri mmoja Mjerumani, Wissmann, aliyefika Nyangwe kwenye mto Lualaba mwaka 1882 kisha akaendelea mpaka pwani ya Saadani, jina lake mwenyewe limeandikwa kwa njia mbili katika vitabu, kwa ss na kwa ß. Kasongo nayo utaikuta katika vitabu vya kale vya Wazungu imeandikwa “Kassongo”. Leo tunaandika Kasongo, S moja, na ndivyo inavyostahili. Mfaransa akija akasoma “Kazongo”, tumsahihishe kwa upole. Mji ni wetu, na sauti yake ni S.

Lakini jamani, hapo kwenye majina ya watu ndipo tumefungwa na Kifaransa hasa. Hesabuni majirani zenu: Moussa, Issa, Assani, Kassim, Idrissa. Zile S mbili zimetoka wapi? Wengi husema: kwa Waarabu, ni majina ya dini. Tuangalie. Katika Kiarabu, Musa ana S moja na U ndefu. Isa ana S moja na I ndefu. Kasim ana S moja na A ndefu. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu mwenye S mbili! Zile S mbili, pamoja na ile “ou” ya Moussa, ni kazi ya karani aliyesoma Kifaransa, aliyekuwa akimzuia Mfaransa asiite “Muza” na “Iza”.

Tena sikilizeni hili. Kiarabu kina konsonanti zinazokazwa kweli, mtu anazikalia kwa ulimi, na maana inabadilika. Wana jina Hasan, kwa S moja, ambalo ndilo la mjukuu wa Mtume. Na wana jina lingine kabisa, Hassan, kwa S iliyokazwa na A ndefu katika silabi ya mwisho. Kwao hao ni watu wawili wenye majina mawili. Kwetu, kwa sababu ya kalamu ya Kifaransa, wote wamekuwa “Hassani” au “Assani”, na tofauti imezama.

Basi tumeona S mbili za aina tatu. Kwa Mfaransa zinalinda sauti ya S. Kwa Mjerumani zinalinda hilo hilo, tena zinasema vokali ni fupi. Kwa Mwarabu S inakazwa kweli. Na kwa Mswahili? Kwa Mswahili hazina kazi. Vitabu vya Kiswahili vya wamisionari wa karne ya 19 viliandika “hatta” na “killa”, kwa konsonanti mbili. Baadaye, Kiswahili sanifu kiliposimamishwa juu ya lahaja ya Unguja, tukabaki na hata na kila, na hatujapoteza kitu. Mtaniambia: mbona tunaandika mme, mmoja na nne? Hapo ni jambo lingine. Ile M au N ya kwanza ni silabi yake yenyewe, unaipigia mkono kivyake: m-me, m-mo-ja, n-ne.

Lakini urefu wa vokali, huo Kiswahili kinaujali sana, na kinauandika mahali pake, kwenye vokali yenyewe. Hatutumi konsonanti kutusemea. Vokali ndefu, tunaandika mbili. Na hapa ndipo sisi watu wa Maniema tunakosea zaidi kuliko kwenye S. Kwenye ujumbe wa simu mtu anaandika “sa nane” badala ya saa nane. Hiyo tunaelewa. Lakini akiandika “mama amekata nyama”, je, mama ameshika kisu, au mama amesema nyama haitaki yeye? Kata ni kwa kisu, kataa ni kusema hapana. Na “dawa ya kufa” si “dawa ya kufaa”. Mgonjwa akiisoma hiyo ya kwanza atakimbia.

Mtajuaje neno lina vokali moja au mbili? Kuna njia mbili, na ya kwanza ni sikio. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Semeni kwa sauti: ku-KA-ta. Sasa semeni: ku-ka-TA-a. Mkazo umehama. Ukihama, ujue kuna vokali nyingine mwishoni, iandike. Njia ya pili ni zawadi yetu sisi wa huku. Wengi wetu nyumbani hatusemi njaa, tunasema njala. Hatusemi kukataa, tunasema kukatala. Watu wa pwani waliiangusha ile L zamani, vokali mbili zikabaki zimegusana. Sisi tumeitunza. Basi mwanafunzi wa Pangi anayetaka kuandika Kiswahili sanifu ajiulize: kwetu kuna L hapo katikati? Ikiwa ipo, na watu wa pwani hawaitamki, andika vokali mbili. Si kila L inaanguka, kulala ni kulala kote, lakini kwa njaa na kataa njia hii haikosei. Walimu wanaowacheka watoto kwa kusema njala wanatupa msaada mkubwa dirishani.

Sasa nimalizie na jambo linaloumiza watu kweli, nalo ni karatasi. Chukueni kijana mmoja. Cheti cha kuzaliwa kinasema Moussa. Kadi ya mpiga kura, karani alisikia akaandika Musa. Diploma ya serikali imeandikwa Mousa, ou na S moja, ambayo si Kifaransa wala Kiswahili. Kijana huyu ni mmoja, lakini siku ya kuomba kazi au pasipoti anaonekana watu watatu. Kusahihisha mara nyingi kunampeleka mpaka mahakamani, kwa gharama na kwa siku nyingi za kungoja.

Wajerumani nao walikutana na shida hiyo, kwa sababu ß haimo katika herufi zinazosomwa na mashine za mpakani. Mtu anayeitwa Weiß, kwenye pasipoti jina lake limeandikwa Weiß juu, na kwenye mistari ya mashine chini linatokea WEISS. Majina mawili katika kijitabu kimoja, lakini serikali inatambua kwamba ni jina moja, na kanuni ya kubadilisha inajulikana. Hata sheria mpya ya uandishi ilipokuja, majina ya ukoo hayakuguswa. Aliyekuwa na ß akabaki nayo. Hilo naliona ni jambo la busara, na makarani wetu wangefaa kulifuata: jina la mtu halisahihishwi kwa kanuni ya sarufi, linanakiliwa.

Kwa hiyo ombi langu kwenu wazazi ni hili. Mkiandika barua, tangazo au ujumbe kwa Kiswahili, S ni moja, na vokali ndefu ni mbili. Lakini mtoto aliyekwisha kuandikwa Moussa, abaki Moussa katika kila karatasi. Kabla hajasajiliwa shuleni, kabla hajapewa kadi yoyote, nendeni na cheti cha kuzaliwa mkononi, mkiweke mezani kwa karani, na msiondoke kabla hamjasoma alichoandika, herufi kwa herufi. Na ninyi ambao mtoto wenu bado hajaandikwa, amueni leo nyumbani kama ni Musa au Moussa, muandike kwenye kipande cha karatasi, na mumpe karani hicho kipande badala ya kumtamkia.